Daftari la duka: ipi ni faida, ipi ni pesa ya nyumbani

*"Habari mtaalamu. Nimekutumia picha za daftari la duka langu, mwezi wa tisa wote, kurasa nne na ukurasa wa madeni. Nimejumlisha kuingia nikapata 6,098,000, kutoka 5,743,000, imebaki 355,000. Hiyo ndiyo faida yangu? Mbona rafu zinazidi kuwa wazi? Nisaidie kutenganisha mauzo, manunuzi ya mzigo na pesa ninayochukua nyumbani."*

Dada, 355,000 siyo faida. Ni tofauti kati ya pesa iliyopita mkononi mwako ikiingia na iliyopita ikitoka, na humo ndani kuna mkopo wa kikoba, kuna ada ya mtoto na kuna pango la miezi mitatu. Faida ya duka kwa Septemba imetoka 513,000, yaani duka lako linafanya vizuri kuliko unavyodhani. Lakini mwezi huohuo zimetoka dukani kwenda nyumbani shilingi 776,000. Rafu zinakuwa wazi kwa sababu hiyo. Hebu tufuate daftari lenyewe, maana namba zote nimezitoa humo.

Kabla ya kujumlisha chochote, kazi ya kwanza ni kuhakikisha kila namba imesomeka sawasawa, kwa kuwa picha ya daftari hudanganya kwa njia zake. Ukurasa wa pili, tarehe 14, umeandika "mauzo 187" bila sifuri, wakati siku nyingine zote umeziandika kamili. Mauzo yako ya taslimu ya mwezi ni 5,412,000, ukigawa kwa siku 30 unapata kama 180,000 kwa siku, kwa hiyo hiyo ni 187,000. 18,700 ingekuwa siku ambayo duka halikufunguliwa hadi jioni. Tarehe 22 mkunjo wa daftari umemeza tarakimu za mwisho za "mafuta dumu 96,...". Dumu ni la lita 20, na mara nyingine ulilinunua kwa 4,800 kwa lita, kwa hiyo ni 96,000. Namba iliyofichika usiikisie kwa macho, itafute kwa bei na kipimo kilichoandikwa sehemu nyingine ya daftari hilohilo.

Pale juu ya ukurasa wa pili kuna 1,684,000 isiyo na tarehe wala maelezo. Hiyo ni jumla ya kuingia ya ukurasa wa kwanza uliyoihamishia mbele. Wewe hukuihesabu mara mbili, lakini mtu mwingine akishika daftari hili ataijumlisha kama mauzo na kuingia kutaruka hadi 7,782,000. Andika pembeni yake neno "imeletwa" na uizungushie duara.

Kisha lipo neno lililonisimamisha: tarehe 12, upande wa kutoka, "jumla 214,000". Jumla ya nini? Nimejumlisha mistari iliyo juu yake siku hiyo na haifiki 214,000 kwa namna yoyote, kwa hiyo hapo umemaanisha duka la jumla, ni manunuzi ya mzigo. Kuanzia sasa andika "mzigo" na jina la bidhaa. Neno hilo moja lingeweza kukupotezea laki mbili upande wowote.

Picha zako nne zinasomeka, ila ya tatu ina kivuli cha mkono. Wakati mwingine piga karibu na mlango mchana bila kuwasha flashi, simu ikiwa juu ya daftari na pembe zote nne zikionekana, ukurasa mmoja kwa picha moja. Ukituma kwa WhatsApp itume kama dokumenti, la sivyo inapunguzwa ubora na tarakimu 1 na 7 zinafanana.

Baada ya kusoma, kila mstari nimeuwekea herufi pembeni. Hiki ndicho chombo kizima cha kutenganisha, na unaweza kukifanya kwa kalamu nyekundu bila kuandika daftari upya. M ni mauzo ya taslimu, na ndani yake nimeweka pia ya lipa namba kwa kuwa umeyachanganya. D ni deni lililolipwa na mteja. K ni kikoba, iwe umekopa au umerejesha. B ni bidhaa, pamoja na nauli ya kuzileta. G ni gharama za kuendesha duka. N ni nyumbani. Mstari ambao hujui uweke herufi gani uwekee alama ya kuuliza, usiulazimishe, na usijumlishe hadi kila mstari uwe na herufi.

Upande wa kuingia ukagawanyika hivi: M 5,412,000, D 186,000, K 500,000. Nimepata 6,098,000 kama wewe. Sasa angalia kilichojificha. Zile 500,000 za tarehe 3 ni mkopo. Pesa hiyo ni ya wanakikoba, imekaa kwako kwa muda, na kuiita kipato ndiko kulikofanya hesabu yako ionekane ina ziada. Ukiitoa tu bila kurekebisha kitu kingine, 355,000 yako inageuka kuwa hasi 145,000, ungeamini duka linakula hasara, na hilo nalo si kweli. Ndiyo maana njia ya kuingia toa kutoka haifai hata ukiijaribu kuitengeneza.

Zile 186,000 za madeni nazo si mauzo ya Septemba zote. Wapo waliolipa mkate na sukari walizochukua Agosti. Na wapo waliochukua Septemba hawajalipa hadi leo. Hapa ukurasa wako wa madeni umesaidia sana. Tarehe 1 wateja walikuwa wanadaiwa 153,000. Ndani ya mwezi umewakopesha 174,000. Wamelipa 186,000. Yabaki 141,000, na majina yaliyobaki bila kukatwa mstari nimeyajumlisha yakatoa 141,000 kamili. Kwa hiyo mauzo ya Septemba ni ya taslimu 5,412,000 pamoja na ya mkopo 174,000: jumla 5,586,000. Malipo ya madeni hayamo, kwa sababu tumehesabu kitu kilipotoka rafuni, hatusubiri pesa yake ilipwe.

Nimehakikisha pia kwamba mauzo ya kila siku hayakupungukiwa na pesa uliyotoa mchana, maana hapa ndipo madaftari mengi huharibika. Tarehe 8 umeandika mauzo 161,000, sokoni 40,000, na chini droo jioni 141,000. Asubuhi ulianza na chenji ya 20,000. Ishirini ujumlishe 161, utoe 40, unapata 141. Umefanya sawa. Kosa lingekuwa kuhesabu droo jioni, kutoa chenji na kuandika mauzo 121,000 kwa kuwa ndicho kilichobaki. Ukifanya hivyo mauzo yanapungua na pesa ya sokoni inapotea bila jina. Siku ambayo haraka imekuzidi, kumbuka mpangilio huu: pesa ya jioni, ongeza yote uliyotoa mchana kwa sababu yoyote, toa chenji ya asubuhi na kingine chochote kilichoingia kisicho mauzo, kama deni lililolipwa.

Upande wa kutoka, B ni 4,655,000 za bidhaa na 63,000 za bajaji na guta kuleta mzigo. Nauli ya mzigo usiiache kwenye gharama za duka, ibebane na mzigo wenyewe, kwa sababu sukari haijafika dukani kwa 132,000 kwa mfuko, imefika kwa 132,000 na nauli. Manunuzi kamili ni 4,718,000.

Lakini manunuzi hayo siyo gharama ya ulichouza. Sehemu yake bado iko rafuni, na ulichouza Septemba kimetokana pia na mzigo uliokuwepo Agosti. Bila kuhesabu mzigo mwanzo na mwisho wa mwezi, faida haipatikani kwa njia yoyote ya uhakika, hata daftari liwe zuri namna gani. Bahati njema ulihesabu tarehe 31 Agosti ukapata 2,140,000, na tarehe 30 Septemba ukapata 2,093,000. Tatizo ni kwamba hesabu hizi mbili hazifanani. Ya Agosti umeandika sukari kwa 2,640 kwa kilo, hiyo ni bei ya kununulia. Ya Septemba umeandika "sukari kilo 38 x 3,000 = 114,000". Hiyo ni bei ya kuuzia. Kwa bei ya kununulia kilo hizo 38 ni 100,320, tofauti ya 13,680 kwenye bidhaa moja tu.

Nimepita orodha yako yote ya tarehe 30 nikibadilisha bei moja moja kwa kutumia manunuzi yaliyomo daftarini, na mzigo wa mwisho umeshuka hadi 1,842,000. Tofauti ni 251,000. Elewa madhara yake: mzigo wa mwisho ukiupandisha kwa 251,000, faida nayo inapanda kwa 251,000 hizohizo. Ungetangaza faida ya 764,000, yaani ungejilipa leo faida ya sukari ambayo bado iko kwenye mfuko, ambayo huenda ikauzwa mwezi ujao, ikamwagika au ikaloa. Siku zote hesabu kwa bei uliyonunulia mara ya mwisho. Kilichopita tarehe au kilichopasuka kihesabu sifuri. Na mfuko uliofunguliwa upime kwenye mizani, usiutazame kwa jicho ukasema "nusu".

Kuhesabu kwenyewe fanya usiku baada ya kufunga, au alfajiri kabla ya mteja wa kwanza, watu wawili, mmoja anataja na mwingine anaandika. Anzeni rafu ya kushoto juu mkishuka, kisha store, kisha friji. Mzigo uliofika siku hiyo na bado haujaandikwa kwenye manunuzi, ama uandikeni kwanza ama uacheni nje ya hesabu. Ukiwamo kwenye rafu na haumo kwenye manunuzi, utaonekana kama faida iliyoshuka kutoka mbinguni.

Limebaki jambo moja kabla ya kupata gharama ya mauzo: bidhaa ulizochukua nyumbani. Pembezoni mwa kurasa umeandika alama kama "N unga 2", "N mafuta 1", bila pesa. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi, ila hukulimalizia. Nimezijumlisha: sembe kilo 30 kwa 1,200 ni 36,000, sukari kilo 6 kwa 2,640 ni 15,840, mafuta lita 6 kwa 4,800 ni 28,800, sabuni na vidogo vidogo 15,360. Jumla 96,000. Hizi hazikuuzwa, kwa hiyo haziwezi kukaa kwenye gharama ya mauzo. Zitoe huko uzipeleke N. Nimetumia bei ya kununulia kwa sababu duka halijamuuzia mtu, limekutolea tu mali yako.

Hesabu yote ya faida ikakaa hivi:

```
Mzigo wa 31/8                2,140,000
+ Manunuzi na nauli          4,718,000
- Mzigo wa 30/9              1,842,000
- Bidhaa za nyumbani            96,000
= Gharama ya mauzo           4,920,000

Mauzo                        5,586,000
- Gharama ya mauzo           4,920,000
= Faida ghafi                  666,000
- Gharama za duka              153,000
= Faida halisi                 513,000
```

Kabla ya kuiamini 666,000, ijaribu. Ukiigawa kwa mauzo unapata karibu asilimia 12. Sasa tazama bidhaa zako zinazotoka sana: sukari unanunua 2,640 unauza 3,000, faida ni asilimia 12 ya bei ya kuuzia. Mafuta 4,800 kwa 5,400, asilimia 11. Sembe 1,200 kwa 1,400, asilimia 14. Faida ghafi ya duka zima imeangukia katikati ya hizo, ndivyo inavyotakiwa. Kama ingetoka asilimia 5 ningejua mzigo unapotea, au bei hazikupandishwa gharama ilipopanda, au kuna ukurasa wa mauzo haukupigwa picha. Kama ingetoka 25 nisingefurahi pia, ningeanza kutafuta risiti ya manunuzi ambayo haikuandikwa. Jaribio hili hukamata kosa la kusoma picha haraka kuliko kurudia kujumlisha mara tatu.

Zile gharama 153,000 zinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu daftari lako linaonyesha zaidi. Pango ulilipa 240,000 tarehe 2, na umeandika mwenyewe "hadi mwezi wa 11". Septemba inabeba 80,000 tu. 160,000 zilizobaki ni za Oktoba na Novemba, bado ni mali yako kwa mwenye nyumba. Ukizitupa zote Septemba, mwezi huu utaonekana mbaya na miezi miwili ijayo itaonekana mizuri, na utashindwa kulinganisha. LUKU 20,000, mifuko ya kufungashia 18,000, mlinzi 20,000, ushuru wa taka 5,000. Na rejesho la kikoba la tarehe 28, 110,000: umesema 10,000 ni riba, hiyo ndiyo gharama. Laki moja ni kupunguza deni, haiingii popote kwenye faida, kama vile mkopo wenyewe ulivyokuwa hauingii kwenye mauzo.

Sikuona mstari wa kodi ya TRA. Wenye maduka ya kiwango chako wengi wako kwenye kodi ya makadirio inayotazama mauzo na kulipwa kwa awamu za miezi mitatu mitatu. Kama ulilipa awamu na hukuiandika, theluthi yake ni ya Septemba, itoe kwenye 513,000. Hapo pia utaona kwa nini mkopo haupaswi kuitwa mauzo: unaweza kujikuta unakadiriwa kwa pesa ya wanakikoba.

Tuje nyumbani sasa. Mistari ya N yenye pesa inafika 612,000: sokoni na chakula 247,000, ada 150,000, kumtumia mama 80,000, mchango wa msiba 50,000, nauli na vocha za simu yako 50,000, hospitali 35,000. Najua ada iliandikwa karibu na pango kwa sababu zote zililipwa wiki ya kwanza, na kwa mfuko wako ni mzigo mmoja. Lakini duka halisomi shule. Pesa hizi hazipunguzi faida hata shilingi moja, zinapunguza mtaji. Tofauti hiyo ndiyo inayokuwezesha kujua kama ubaya uko kwenye biashara au kwenye uchukuaji.

Ongeza bidhaa za 96,000, unapata 708,000. Halafu kuna 68,000 zisizo na mwenyewe. Mwezi ulianza na 310,000, ukaingiza 6,098,000, ukatoa 5,743,000, kwa hiyo tarehe 30 ulipaswa kuwa na 665,000. Chini ya ukurasa wa nne umeandika droo 184,000 na simu 413,000, jumla 597,000. Pengo ni 68,000, kama 2,300 kwa siku. Kiasi cha namna hii kwa kawaida si mwizi. Mara nyingi ni mboga, nauli ya bodaboda, hela ya mtoto ya chipsi, na makato ya kutoa pesa kwenye simu, vitu ambavyo mtu anaona ni vidogo mno kushika kalamu. Nimeziweka upande wa nyumbani kwa muda, kwenye mstari wake peke yake, ili zisijifiche. Pata taarifa ya miamala ya simu ya Septemba ujumlishe makato. Kiasi utakachokipata kihamishie kwenye gharama za duka.

Ndivyo tulivyofika 776,000. Umechukua 776,000 kwenye duka lililozalisha 513,000, kwa hiyo mtaji umeliwa 263,000. Kama una shaka, kuna njia ya pili ya kulihakiki isiyotumia mauzo kabisa. Tarehe 31 Agosti ulikuwa na pesa 310,000, mzigo 2,140,000 na madeni ya wateja 153,000: mtaji 2,603,000. Tarehe 30 Septemba una pesa 597,000, mzigo 1,842,000, madeni 141,000, pango lililolipwa mbele 160,000, toa deni la kikoba lililobaki 400,000: mtaji 2,340,000. Umepungua 263,000, namba ileile. Njia mbili zikikutana namna hii, mistari yote imepata mahali pake. Zisipokutana, tafuta kwanza mstari wa K au wa D uliowekwa herufi ya M, ndiko kosa hujificha mara nyingi.

Na hapa ndipo swali lako la rafu linapojibiwa. Mzigo umeshuka kutoka 2,140,000 hadi 1,842,000, karibu laki tatu, wakati pesa mkononi imepanda. Pesa hiyo iliyopanda ni mkopo. Bila kikoba, mwezi ungeisha ukiwa na laki mbili na kitu tu, na ungeona tatizo mapema zaidi. Mkopo wa mzigo uliokusudiwa kujaza rafu umeishia kuficha ada na soko.

Kwa Oktoba, ukitaka rafu zisishuke tena, kipimo cha kuchukua kinapatikana hivi: faida 513,000, toa laki ya kupunguza deni la kikoba ambayo lazima itoke, inabaki 413,000. Hicho ndicho kikomo cha nyumbani, na bidhaa za rafuni zimo. Ukiendelea kuchukua unga na mafuta ya 96,000, taslimu ni 317,000, yaani kama 73,000 kwa wiki. Jilipe siku moja kwa wiki, kwa mstari mmoja wenye herufi N, na ya soko itoke humo, isitoke droo. Miezi ya ada haitatosha, hilo liko wazi, kwa hiyo ada inabidi iwekewe akiba kwenye miezi isiyo na ada. Duka la ukubwa huu haliwezi kulipa 150,000 kwa mkupuo bila kuuza mtaji wake.

Daftari lenyewe huna haja ya kulibadilisha. Ongeza safu moja nyembamba ya herufi kati ya maelezo na pesa, na siku hiyohiyo unapoandika mstari weka herufi. Kama unataka kulipeleka kwenye Google Sheets, safu A iwe tarehe, B maelezo, C herufi, D kiasi, kisha kila kundi linajijumlisha:

```
=SUMIF(C:C,"N",D:D)
```

Badilisha herufi ndani ya alama za kunukuu kwa kundi unalotaka. Ila K iandike kwa namna mbili, KI kwa mkopo ulioingia na KT kwa rejesho, kwa sababu fomyula hiyo haijui ipi imeingia na ipi imetoka.

Umebaki mstari mmoja wenye alama ya kuuliza: LUKU. Kama mita ya duka ndiyo hiyohiyo inayowasha nyumba ya nyuma, 20,000 zote haziwezi kuwa za duka. Niambie friji na taa za duka zinakula kiasi gani. Tukiona nusu ni ya nyumbani, faida itapanda kuwa 523,000 na ya nyumbani itakuwa 786,000, lakini upungufu wa mtaji utabaki 263,000 hadi shilingi ya mwisho.